Mstari wa Nne Haupo

Tuliziba madirisha ya maabara kwa maboksi yaliyofunuliwa, tukazima taa, tukawasha leza. Mbele yake tulisimamisha kipande cha kioo kilichopakwa weusi, na katika weusi ule kulikuwa na mianya miwili iliyosimama sambamba, kila mmoja mwembamba kuliko unywele. Mita mbili mbele, ukutani, ikajitokeza safu ya mistari mifupi myekundu, mmoja ukifuatwa na giza, giza likifuatwa na mwingine. Kazi tuliyopewa ilikuwa kuhesabu tu. Mstari wa katikati ni sifuri. Kulia kwake wa kwanza, wa pili, wa tatu uliokwisha kufifia, halafu pengo, halafu wa tano.

“Wa nne uko wapi?” akauliza mwalimu.

Nilisema kioo ni kichafu. Akanipa kitambaa, nikakifuta, nikakirudisha mahali pake. Mstari wa nne haukurudi. Ndipo akaniambia nihesabu upande wa kushoto. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, pengo, wa tano.

“Uchafu gani huo unaojua kuhesabu hadi nne pande zote mbili?”

Swali hilo lilinikaa kichwani kuliko vitabu vyote vya fizikia nilivyosoma mwaka ule wa kidato cha sita, kwa sababu kanuni tuliyokuwa tumeikariri ilisema wazi kwamba mstari wa nne ni lazima uwepo. Kanuni haikuwa na kosa. Ilikuwa inaeleza nusu ya habari.

Tuanze na nusu hiyo. Mwanga husafiri kama mawimbi, na urefu wa wimbi la leza nyekundu ya kawaida ni nanomita 650 hivi, yaani milimita moja ina mawimbi zaidi ya 1,500 yaliyopangana. Mianya miwili ikiangazwa na leza moja, kila mwanya hugeuka chanzo chake chenyewe, na mawimbi ya vyanzo hivyo viwili huondoka yakiwa na mdundo mmoja. Sehemu ya ukuta iliyo katikati kabisa iko umbali sawa na mianya yote miwili, kwa hiyo kilele hufika pamoja na kilele, na panang'aa. Ukisogea kando kidogo, wimbi la mwanya mmoja lina safari ndefu kuliko la mwenzake. Tofauti ya safari ikifika nusu ya wimbi, kilele hukutana na bonde na pale panakuwa giza. Ikifika wimbi moja kamili, kilele hukutana tena na kilele, na huo ndio mstari wa kwanza. Mawimbi mawili, mstari wa pili. Mawimbi manne, mstari wa nne. Vitabuni huandikwa hivi: d ni umbali kati ya mianya, θ ni pembe ya kuelekea ukutani, λ ni urefu wa wimbi, na m ni namba ya mstari.

d sin θ = mλ

Kwenye kioo chetu d ilikuwa milimita 0.16. Ukipiga hesabu kwa ukuta ulio mita 2 mbele, mistari inapaswa kuachana kwa milimita 8.1 hivi, na rula ilithibitisha hivyo. Mstari wa nne ulipaswa kuwa milimita 32.5 kutoka katikati. Hapo palikuwa peusi.

Nusu ya pili ya habari imo ndani ya mwanya mmoja. Kanuni ya hapo juu inachukulia kila mwanya kuwa ni uzi usio na upana wowote, lakini mwanya wa kweli una upana. Ya kwetu ilikuwa na upana wa milimita 0.04, ambao kwa macho si kitu, ila kwa mwanga wenye wimbi la nanomita 650 ni uwanja mpana: mawimbi zaidi ya 60 yangeweza kulala ndani yake bega kwa bega. Mwanga unaotoka sehemu ya juu ya mwanya huo na ule unaotoka sehemu ya chini hausafiri umbali sawa kufika kwenye nukta ya kando ukutani. Kwa hiyo, kabla hata hujamleta mwanya jirani, mwanya mmoja una mambo yake ya ndani ya kumaliza.

Yafuatilie mambo hayo kwenye ile nukta ya milimita 32.5. Mwelekeo wake unafanya pembe isiyofika digrii moja, na kwa pembe hiyo mwanga wa ukingo mmoja wa mwanya unasafiri wimbi moja zaidi kuliko mwanga wa ukingo wa pili. Mtu mwenye haraka atasema: wimbi moja zima, basi kilele kwa kilele, panang'aa. Hapana, kwa sababu kati ya kingo hizo mbili mwanya mzima umejaa mwanga. Ugawe mwanya kwa mawazo katika nusu mbili, kila moja milimita 0.02. Sasa mchukue wa kwanza katika nusu ya juu umpange na wa kwanza katika nusu ya chini, wa pili na wa pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila jozi imetengana kwa nusu ya upana wa mwanya, kwa hiyo tofauti ya safari zao ni nusu ya wimbi. Kilele kwa bonde. Jozi ya kwanza inafutana, ya pili inafutana, na hakuna hata mmoja anayebaki bila mwenzi. Mwanya mzima unaishia sifuri katika mwelekeo ule. Kwa upana a, kanuni yake ni hii, ambapo n ni 1, 2, 3 na kuendelea:

a sin θ = nλ

Zinafanana mno, na hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Ile yenye d inaeleza mahali pa mwanga. Hii yenye a inaeleza mahali pa giza. Niliwahi kuona karatasi za majibu ambamo zimebadilishana kazi, na mwenye karatasi hakuwa na dalili yoyote ya wasiwasi.

Ziweke pamoja. Mianya iliachana kwa milimita 0.16, upana wa kila mmoja ni 0.04, na 0.16 ni 0.04 mara nne. Kwa hiyo katika mwelekeo ule ule ambao kingo za mwanya mmoja zinatofautiana kwa wimbi moja, mianya miwili inatofautiana kwa mawimbi manne kamili. Kanuni ya mianya miwili inasema hapa wawili hawa wanapatana kabisa. Kanuni ya mwanya mmoja inasema hakuna hata mmoja kati yao aliyeleta kitu. Mapatano yapo, ila ni mapatano ya wawili waliokuja mikono mitupu.

Ndiyo maana napenda kusema kwamba ukutani pale palikuwa na giza la aina mbili, ingawa kwa jicho ni moja. Giza lililo kati ya mstari wa kwanza na wa pili limetokana na ugomvi wa mianya miwili: kila mmoja amefikisha mwanga wake hapo, na mwanga umefutana. Ukiziba mwanya mmoja, mahali hapo panaangaza, jambo linalomshangaza kila anayeliona mara ya kwanza, maana umepunguza mwanga ukapata mwanga. Giza la mstari wa nne ni tofauti. Ziba mwanya wowote upendao, pale hapaangazi, kwa kuwa kila mwanya ulikwisha kujifuta wenyewe kabla ya kukutana na jirani yake.

Hicho ndicho kipimo cha kuaminika kuliko vyote, na kinafanyika. Chukua wembe, usogeze ukingo wake polepole juu ya kioo mpaka ufunike mwanya mmoja tu. Mistari yote myembamba inapotea ghafla, na ukutani panabaki utando mmoja mpana wa mwanga, mkali katikati, unaofifia pande zote hadi unapokata kabisa kwenye milimita 32.5. Baada ya hapo unaanza tena, hafifu sana. Ondoa wembe, na mistari myembamba inarudi ikiwa imechongwa ndani ya utando ule ule. Mistari ni ya mianya miwili, utando ni wa mwanya mmoja, na mstari ulioangukia penye ukingo wa utando hauna mwanga wa kujengewa. (Mkono unatetemeka katika kazi hii na leza inarukaruka; bana leza na kioo mezani, na jicho lisiwe kamwe katika njia ya mwanga.)

Utando huo unaeleza pia kwa nini mistari haikuwa na ukali sawa. Tukiupa mstari wa katikati 100, wa kwanza unapata 81, wa pili 41, wa tatu 9. Wa nne ni sifuri. Wa tano unafufuka kwa 3 tu, wa sita 4.5, wa saba chini ya 2, na wa nane unakosekana tena, kwa sababu kingo za mwanya sasa zinatofautiana kwa mawimbi mawili, na mwanya ukigawanywa katika robo nne kila robo inamfuta jirani yake. Wa kumi na mbili vivyo hivyo. Angalia jambo dogo katika orodha hiyo: wa sita unaushinda wa tano. Nilipoligundua nilidhani nimekosea kuhesabu, lakini ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa wa tano bado uko karibu na ukingo wa utando, ilhali wa sita umefika karibu na kilele cha utando wa pili.

Ukiwa na kamera ya simu inayokuruhusu kuacha mwanga uingie kwa sekunde kadhaa, utaona jambo ambalo jicho haliwezi. Penye mstari wa nne hapana weusi mtupu kwa upana wote. Kuna nyuzi mbili za mwanga, moja kila upande wa nukta ya sifuri, zenye ukali wa takriban sehemu mbili kwa elfu ya mstari wa katikati. Ni mabaki ya mstari uliopasuliwa katikati: giza la mwanya mmoja limepita katikati yake kama kisu, likaacha mapindo. Kwa hiyo mstari “unaokosekana” unakosekana kwa ukamilifu kwenye nukta moja tu, na pembeni umebaki mzimu wake.

Sasa yale yanayoharibika. La kwanza ni hesabu yenyewe. Anayemwita wa katikati “wa kwanza” atatangaza kwamba uliokosekana ni wa tano, na ataondoka na jibu la uongo akiwa ameona kila kitu sawasawa. Wa katikati ni sifuri kwa sababu hapo tofauti ya safari ni sifuri.

La pili limewaponza wengi zaidi. Unapotazama kioo kwa darubini, kinachoonekana wazi ni ukuta mweusi uliosimama kati ya mianya, na mkono unakimbilia kuupima huo. Kwenye kioo chetu ukuta huo ulikuwa milimita 0.12. Gawanya kwa upana wa mwanya, 0.04, unapata tatu, na utatabiri kwamba mstari wa tatu ndio unaokosekana. Ukutani wa tatu upo, hafifu lakini upo. Umbali unaotakiwa ni kutoka katikati ya mwanya mmoja hadi katikati ya mwingine, yaani ukuta mweusi pamoja na nusu ya upana kutoka kila upande: 0.12 na 0.04, jumla 0.16. Ukitaka kujua kama mtu ameelewa mada hii au amekariri, mpe upana wa ukuta mweusi badala ya d, umwache.

La tatu ni mianya isiyolingana. Wale wanaochana mianya yao kwa wembe kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nami nilikuwa mmoja wao, hupata mistari mizuri ya kuridhisha lakini hawaoni pengo lolote la maana. Sababu ni rahisi. Kama mwanya mmoja una upana wa 0.04 na wa pili 0.05, wa kwanza unajifuta kwenye milimita 32.5 na wa pili kwenye 26. Penye 32.5 mmoja hayupo, lakini mwenzake yupo peke yake, na anaangaza. Mianya yote miwili ni lazima ijifute mahali pamoja, la sivyo pengo linajazwa na jirani.

Tena pengo likionekana, usikimbilie kuapa kwamba uwiano ni nne kamili. Chukua mianya yenye uwiano wa 4.2. Mstari wake wa nne una ukali wa robo tu ya sehemu moja kwa mia, na jicho litasema haupo. Kuona pengo kunakuambia kwamba uwiano uko karibu na nne. Kusema ni nne hasa kunahitaji kifaa cha kupima mwanga, au kutazama kama zile nyuzi mbili za mzimu zinalingana pande zote. Uwiano ukiwa 4.5, hadithi ni nyingine: ukingo wa utando unaangukia katikati ya mstari wa nne na wa tano, mahali ambapo palikuwa giza hata hivyo, na hakuna mstari unaopotea pale. Lakini ukingo wa pili wa utando unaangukia mara mbili ya 4.5, yaani kwenye mstari wa tisa, na huo unapotea. Kwa hiyo uwiano usio namba kamili nao una mistari yake inayokosekana, ila iko mbali na katikati, penye mwanga hafifu ambapo aghalabu hakuna anayetazama.

Njia nyingine ya kuhakikisha ni kubadilisha rangi. Weka leza ya kijani yenye wimbi la nanomita 532 badala ya nyekundu, na picha yote inasinyaa: mistari inaachana kwa milimita 6.7 badala ya 8.1, na pengo linahama kutoka 32.5 hadi 26.6. Hata hivyo hesabu ukutani: bado ni wa nne. Urefu wa wimbi umo katika kanuni zote mbili, na ukigawanya moja kwa nyingine unatoweka. Kinachobaki ni d kwa a, umbo la kioo peke yake. Doa la uchafu ukutani lingebaki pale pale na kuufunika mstari mwingine.

Jambo hilo la rangi ndilo linalonifanya nisimlaumu Thomas Young, Mwingereza aliyetetea mwanga kama mawimbi mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London miaka ya 1801 hadi 1803, na ambaye kitabu chake cha mihadhara cha 1807 kinaeleza mwanga unaopita katika matundu mawili. Majaribio yake aliyafanya kwa mwanga wa jua. Jua linaleta rangi zote kwa pamoja, na kila rangi ina pengo lake: kwa kioo kama chetu, zambarau ingepotea kwenye milimita 20 na nyekundu karibu na 32, huku mistari ya rangi nyingine ikiwa imemwagika juu ya mapengo hayo. Mwanga wa jua huonyesha mistari michache tu karibu na katikati kabla rangi hazijachanganyika. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960, na leo kalamu yake inauzwa kando ya barabara pamoja na betri na chaja za simu.

Kuna mchezo mmoja ambao mwalimu alituachia tuumalize nyumbani kwa kalamu, bila kioo. Punguza umbali kati ya mianya huku upana ukibaki ule ule. Uwiano ukiwa tatu, unakosekana wa tatu, wa sita, wa tisa. Uwiano ukiwa mbili, ukuta mweusi una upana sawa na mwanya, na mistari yote yenye namba shufwa inapotea isipokuwa ile sifuri ya katikati. Watengenezaji wa vioo vya mistari mingi wanalifahamu hili vizuri: kioo ambacho uwazi na weusi vimegawana sawa hakitoi mstari wa pili wala wa nne, hata kiwe na mistari elfu.

Endelea kusogeza hadi uwiano uwe moja. Sasa kila mstari unakosekana, wa kwanza, wa pili, wote, na umebaki wa katikati peke yake. Nilipofika hapo niliona nimeharibu hesabu, maana haiwezekani mianya miwili isitoe mstari hata mmoja wa pembeni. Nikachora. Umbali wa katikati hadi katikati ni 0.04, upana wa kila mwanya ni 0.04, na ukuta mweusi kati yao una upana wa sifuri. Mianya ilikuwa imegusana na kuwa mmoja wenye upana wa milimita 0.08, na ule utando wa mwanga uliobaki kwenye karatasi yangu, unaokata kwenye milimita 16.25, ulikuwa ni utando wa mwanya mmoja mpana, sawasawa na ambavyo ungeupata kama ungeanza na mwanya mmoja tangu mwanzo.